Kitabu cha Mama, Kitabu cha Pamba

Usiku wa kuamkia Januari 1, 1970, Mwalimu Nyerere aliutangazia umma kwamba mwaka unaoingia utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata TANU ikaazimia kuufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla 1975 haijaisha. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa watu wazima 67 kati ya kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika, na wengi wao walikuwa wanawake ambao hawakuwahi kupelekwa shule. Hotuba za miaka hiyo zinakumbukwa sana. Ninachotaka kukitazama hapa ni mtaala wenyewe: mama aliyekaa darasani na kitabu chake alifundishwa nini, na ilijulikanaje kwamba amejua?

Mtaala huo ulizaliwa Kanda ya Ziwa. Kuanzia 1968 mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Wazo lake likaitwa kisomo chenye manufaa: mtu mzima hasomi herufi peke yake, anasoma kazi anayoifanya. Basi vikatungwa vitabu kwa shughuli. Kulikuwa na cha pamba, cha migomba, cha uvuvi, cha ufugaji wa ng'ombe, na kwa wanawake kulikuwa na cha maarifa ya nyumbani, chenye mambo ya chakula, watoto na usafi.

Kila somo lilianza kwa picha. Wanakisomo waliiangalia, wakazungumza wanachokiona, na mwalimu akaupeleka mjadala kwenye sentensi moja. Nitatunga mfano wangu: mama anakoroga uji, na sentensi ubaoni ni "Mama apika uji." Darasa linaisoma yote kwa pamoja, kisha mwalimu anatoa neno "apika", analikata kuwa a-pi-ka, anashika silabi "pi" na kuiandika pamoja na ndugu zake: pa, pe, pi, po, pu. Kutoka hapo wanakisomo wanaunganisha maneno mapya wenyewe: papai, pika, pima. Kiswahili kinafaa sana kwa njia hii, maana kinaandikwa jinsi kinavyotamkwa, na anayezishika silabi anaweza kusoma neno asilowahi kuliona.

Mtego ulikuwa kwenye ile sentensi ya kwanza. Mtu mzima ana kumbukumbu kali, na baada ya siku chache darasa zima huimba ukurasa bila kuutazama. Mwalimu mzoefu huliona hilo mapema: hufunika picha, huweka kidole katikati ya mstari na kuuliza neno hilo ni lipi, au huandika ubaoni "Uji apika mama" aone nani atacheka. Asiyecheka amekariri tu.

Tatizo jingine lilikuwa lugha. Vitabu vilikuwa vya Kiswahili, ilhali mama wa kijijini Shinyanga nyumbani alizungumza Kisukuma, na wa Bukoba Kihaya. Mumewe aliyezoea mnadani na gulioni alikisikia Kiswahili mara kwa mara. Mama alijifunza herufi na lugha kwa pamoja. Msukuma hana sauti ya r katika lugha yake, hivyo aliyeambiwa aandike "karamu" aliandika "kalamu", na daftari lake likapata alama ya kosa ingawa alikuwa ameandika barabara kile alichokisikia.

Lakini kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa katika mgawanyo wa vitabu. Nani alipalilia pamba Usukumani? Nani alichuma? Wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na bado kitabu kilichotungwa kwa ajili yao kiliwarudisha jikoni. Elimu ya mbegu, dawa ya wadudu na nafasi kati ya mashina ilikaa kwenye kitabu cha shughuli ya mume, na pesa za mauzo vilevile zilihesabiwa kama habari zake.

Hesabu ndiyo iliyowaumbua walimu zaidi. Wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakijitolea kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, na walifundisha kama walivyofundishwa wao. Chukua muuza samaki aliyenunua kwa shilingi 28 akauza kwa 45. Ubaoni kijana anasema nane haitoki kwenye tano, kopa kumi. Mama anashangaa, kwa sababu yeye amekwishapata jibu: kutoka 28 hadi 30 ni mbili, kutoka 30 hadi 45 ni kumi na tano, faida 17. Hesabu aliijua tangu zamani. Alichokosa ni namna ya kuiandika ili kesho amdai mtu kwa ushahidi, na mwalimu mwerevu alianzia hapo.

Maendeleo yalipimwa kwa hatua nne, na mtihani wa kwanza wa taifa ulifanyika Agosti 1975. Hatua ya kwanza haikudai ujuzi wowote: ilitosha kujiandikisha na kuhudhuria theluthi mbili za vipindi. Wa hatua ya pili alitambua silabi na tarakimu, au alisoma na kuandika sentensi fupi na kujumlisha namba ndogo. Wa tatu alisoma habari fupi akaielewa na kuandika ujumbe mfupi. Wa nne alitumia kisomo maishani: kusoma gazeti, kuandika barua au simu ya maandishi, kuweka hesabu ya mapato, matumizi na madeni. Waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma na kuandika walikuwa wa hatua ya tatu na ya nne.

Napenda ngazi hii kuliko vipimo vingi vilivyokuja baadaye, maana mtu alionekana amefika wapi, hakuambiwa tu kwamba amefaulu au ameshindwa. Kilema chake kilikuwa kwenye mahudhurio. Tuseme darasa lina vipindi vitatu kwa wiki kwa wiki 40, jumla 120. Theluthi mbili ni 80. Mama anayelima pamba akikosa wiki 14 tu za kupanda na kupalilia, vipindi 42 vimekwenda, na amebakiwa na 78. Daftari la mahudhurio linasema hakufikia hata hatua ya kwanza, ingawa huenda anasoma vizuri kuliko jirani yake. Na hapo hatujahesabu uzazi, msiba wala mtoto mgonjwa.

Waliovuka walihitaji kitu cha kusoma. Mwaka 1974 Mwanza ilianzisha gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, na maktaba ndogo zikafunguliwa vijijini. Mwaka uliotangulia, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikuwa imekusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na kila kikundi kilihitaji walau mmoja wa kusoma kijitabu kwa sauti. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, karatasi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuadimika. Anayeishia hatua ya tatu bila kitu cha kusoma husahau, akianzia na kuandika.

Hata hivyo takwimu ziliendelea kupendeza: wasiojua kusoma na kuandika walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, na 9.6 mwaka 1986. Kisha sensa ya 2002 ikakuta karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Sehemu ya tofauti hiyo ni kusahau, na sehemu ni watoto wa miaka ya shida ambao shule iliwapita. Sehemu nyingine ni kipimo chenyewe. Mtihani wa kisomo ulimpa mama maandishi, akasoma mbele ya msimamizi. Karani wa sensa huuliza tu kama fulani anajua kusoma na kuandika, na mara nyingi anayejibu kwa niaba ya wote nyumbani ni mkuu wa kaya.