Neno Lenye Sura Mbili: Sikujua, Taylor na Uhariri wa Tungo za Muyaka

Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840 pasi na kuacha diwani iliyopigwa chapa. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu wa Mombasa na katika karatasi za majumbani. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alizikusanya na kumfasiria W. E. Taylor, mmisionari wa CMS aliyefika pwani mwaka 1880, wakati misheni hiyo ilikwisha kuwa na makao yake Frere Town, Kisauni. Ni ajabu ya kupendeza kwamba mtu aliyejua mengi kuliko wote kuhusu tungo hizo aliitwa Sikujua, kwa kuwa suala zima la uhariri wake ni namna ya kuyatamka maneno hayo kwa uaminifu.

Hati ya Kiarabu, kama ilivyotumiwa pwani hapo kale, humnyima msomaji baadhi ya habari. Kasra husimama kwa i na kwa e. Dhumma kwa u na kwa o. Herufi ba aghalabu hubeba b, p na mb pamoja. Hivyo umbo moja laweza kusomwa bata, pata au mbata. Kwa kawaida muktadha humtoa msomaji mashakani, maana hakuna anayeangua mnazi akapata bata. Lakini si kila mara.

Uchukuliwe mfano uliobuniwa, usio wa Muyaka: kipande cha mizani nane kisomekacho ama "mlango wa pili wazi" ama "mlango wa mbele wazi". Kwa hati ile ya kale, pili na mbele huandikwa sawasawa. Mizani haiamui, kwani yote mawili yana silabi mbili. Kina hakiamui, kwani neno liko katikati ya kipande. Sarufi nayo imeridhika. Hata hivyo maana imetengana: mlango wa mbele wazi ni ukarimu, ilhali mlango wa pili wazi waweza kuwa hila au njia ya kutorokea. Katika shairi la mafumbo ya kisiasa, kama yale ya zama za Mazrui na Seyyid Said, tofauti hiyo hugeuza shairi zima.

Mhariri aliye na haraka huandika "mbele" na kuendelea. Kosa hilo ni baya kwa sababu halionekani: hati ya Kirumi hulazimisha uchaguzi, na ukishachapwa, msomaji hana njia ya kujua kwamba palikuwa na njia panda. Mhariri mwoga, kwa upande wake, huliacha shairi katika mtoto wa meza akingoja ushahidi, wala hamwambii mtu analongojea. Yamkini huyu wa pili ndiye mwenye madhara zaidi, kwani kosa la wa kwanza angalau laweza kupingwa.

Sikujua alikuwa na hali nyingine. Taylor alipokwama alikuwa na mtu wa kumwuliza, naye akaandika maelezo pembeni mwa matini. William Hichens alipoitoa *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940, Taylor alikuwa amekwisha kufa tangu 1927. Kilichobaki kwa Hichens ni karatasi, na karatasi haijibu swali ambalo halikuandikwa.

Basi swali lenyewe lapaswa kuingia katika matini. Usomaji mmoja huwekwa mstarini ili shairi liendelee, wa pili huwekwa chini yake, pamoja na maneno machache: mizani, kina na sarufi vimejaribiwa, havikuamua. Neno lililoliwa na mchwa ni jambo tofauti, wala lisitiwe alama ileile. Hapo huenda mizani ikasaidia: kipande cha nane chenye silabi tano zinazosomeka kimepoteza tatu, na mhariri aweza kuutaja upana wa pengo bila kulijaza.

Kuna pia pengo lisilo la herufi. "Changamwe" laweza kusomeka wazi kabisa na bado msomaji asijue kama lakusudiwa mahali pale bara au Wachangamwe, taifa mojawapo la Thalatha Taifa. Hapa kamusi haitoshi, huulizwa wenyewe.

Na kuuliza kuna adabu yake. Anayemwendea mzee wa Likoni au Kisauni akasema, "Je, ni pili au mbele?" amekwisha kumwekea majibu mdomoni. Ni afadhali ubeti usomwe kwa sauti mpaka penye shaka, kisha mzee aachwe auendeleze mwenyewe kama anaujua. Akiutamka, huandikwa alivyosema, wapi na lini, na alijifunza kwa nani. Wazee wawili wakihitilafiana, kauli zote mbili huingia chini ya mstari, nao ubeti unaofuata huhaririwa siku hiyohiyo.