Wasifu wa marehemu: kuuandika ili usikike, si ili ujaze karatasi

Jirani yangu alinijia na karatasi mbili zilizochapwa vizuri. Mamake alikuwa amezikwa siku ile ile aliyofariki, kama desturi, na sasa familia ilikuwa ikijiandaa kwa hitima. Baada ya dua, yeye kama kifungua mimba angesimama aseme machache. Aliniomba nimsahihishie Kiswahili tu. Kiswahili hakikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba ukimwondoa mamake ukamweka mama wa mtu mwingine, karatasi ingebaki vile vile.

Kipande chenyewe, kwa idhini yake na majina yakiwa yameondolewa, kilisema hivi:

"Marehemu mama yetu mpendwa alizaliwa mwaka wa 1948 katika Kaunti ya Mombasa, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Baada ya kuondokewa na mumewe mwaka wa 1984, marehemu alijishughulisha na biashara ndogondogo ambazo zilimwezesha kukidhi mahitaji ya kimsingi ya familia ikiwemo elimu ya watoto wake. Marehemu alikuwa mchapa kazi, mkarimu na mpenda watu, na kifo chake kimeacha pengo lisiloweza kuzibika."

(Mwaka 1948 hakukuwa na Kaunti ya Mombasa, kaunti zimeanza 2013. Lakini hilo ni dogo.)

Wasifu wa namna hii tumeuiga kutoka kwa vijitabu vya mazishi, na kwenye kijitabu una kazi yake. Msomaji anauangalia kwa jicho, anaweza kurudi nyuma, anaweza kuruka. Anayesikiliza hawezi. Neno likimpita limempita. Kwa hiyo wenzetu wanaochapa kijitabu wasikitupe. Tarehe, shule na vyeo wayaache humo, na anayesimama aseme yale ambayo kijitabu hakiwezi.

Nilimwuliza jirani: "Hizo biashara ndogondogo zilikuwa gani?" Akasema, "Si kofia?" Mamake alikuwa akishona kofia za mkono, zile za vitobo. Hakuliandika kwa sababu aliona si jambo la kusemwa mbele ya watu. Nikamwuliza kofia moja ilichukua muda gani, alishonea wapi, taa ilikuwa gani. Tulikaa hadi magharibi.

Hapo ndipo kazi ilipo. Maneno kama "mkarimu" na "mchapa kazi" ni hukumu, na msikilizaji hakupewa ushahidi. Ukiwauliza ndugu zako "Mama alikuwa mtu wa aina gani?" watakurudishia maneno hayo hayo. Waulize: mara ya mwisho alikukaripia kwa nini? Ukiingia nyumbani alikwambia nini kwanza? Mkononi alikuwa na nini? Majibu ya maswali haya ndiyo wasifu.

Kipande kile kikawa hivi:

"Baba alipofariki, Mama alikuwa na miaka thelathini na sita, na watoto watano. Mdogo wetu alikuwa bado hajatembea. Eda hakuikaa bure. Akatoa kitambaa cheupe, akachukua sindano, akaanza kushona kofia. Mchana alikuwa wetu, usiku alikuwa wa kofia. Tukilala tunamwacha kwenye koroboi, tukiamka tunamkuta pale pale. Kofia moja ilimchukua mwezi na zaidi. Ikimalizika tunajua, kuna mmoja wetu karo yake imepatikana. Na ukimkuta anashona, umetoka shule, hata hujasalimu, anakwambia: Ndoo ule kwanza."

Tazama yaliyobadilika. "Marehemu" ameondoka, amekuja Mama, kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kumwita mamake marehemu. Neno hilo latosha mara moja mwanzoni. Sentensi yenye "ambazo zilimwezesha" imevunjwa vipande, na vitendo vimeungwa kwa -ka-: akatoa, akachukua, akaanza. Hivyo ndivyo tunavyosimulia barazani, na sikio limeshaizoea njia hiyo. "Mchapa kazi" halimo tena, lakini hakuna aliyesikia koroboi akakosa kulielewa.

Ile "Ndoo ule kwanza" ilitugombanisha kidogo. Dadake, ambaye ni mwalimu, alitaka iandikwe "njoo", ndiyo sanifu. Nikakataa. Mama alikuwa Mmvita na alisema ndoo maisha yake yote. Ukimsahihishia leo, anayezungumza hapo si yeye. Maneno yako yawe sanifu ukipenda, yake yaache kama alivyoyatamka.

Miaka nayo ina taabu yake kwa Kiswahili. Kwenye karatasi 1948 ni tarakimu nne. Mdomoni ni "elfu moja mia tisa arobaini na nane", na kabla hujamaliza pumzi imekwisha. Tarehe tano mfululizo zitawalaza watu. Tulibakisha moja tu, tena kwa njia nyingine: "Kenya ilipopata uhuru, Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano." Wazee waliokuwapo walijua papo hapo walikuwa wapi wakati huo.

Aya ya ugonjwa ilikuwa ndefu kuliko zote, na hospitali tatu ndani yake. Tuliipunguza ikawa sentensi mbili: kwamba aliugua miezi minane, na nani alimlaza na kumwamsha. Waliokuwapo wanayajua mengine, na wasiokuwapo hayawahusu.

Kulikuwa na jambo zito kuliko lugha. Rasimu ilisema ameacha watoto watano. Lakini nyumba ile ililea sita: yuko binti wa marehemu dadake mama, aliyeletwa akiwa mchanga na hakuwahi kujua mama mwingine. Kwa hesabu ya mirathi ni watano, na hilo lina mahali pake. Lakini huyu binti angekuwa ameketi mkekani, mbele ya watu, akisikia anahesabiwa nje. Jirani hakuwa na nia mbaya, alifuata tu mtindo wa kijitabu. Tukaandika: "Alituzaa watano, akatulea sita." Hesabu na majina ya walioachwa yasomewe mzee mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama kabla ya siku. Kosa la hapo halisahauliki, na kipaza sauti hakina kifutio.

Sifa nazo zina mpaka. Mama huyu alikuwa na ulimi mkali na mtaa mzima wajua. Kumwita mpole kungewafanya watu waangaliane. Tulisema: "Mama hakukuficha kosa lako, lakini hakulipeleka nyumba ya pili." Watu walicheka, wengine huku wanajifuta machozi.

Karatasi mbili zilibaki maneno kama 500. Kwa kusoma kwa utulivu, dakika moja hubeba maneno kama 100, hivyo ni dakika tano, na zinatosha. Nilimwambia aichape kwa herufi kubwa, kila sentensi mstari wake, upande mmoja wa karatasi, kisha aisome kwa sauti chumbani mara tatu. Pale ulimi ulipojikwaa mara mbili, tulibadilisha sentensi, si msomaji.

Mara zote tatu sauti yake ilikatika mahali pamoja, kwenye "Ndoo ule kwanza". Hatukuufuta mstari ule. Tulichapa nakala ya pili, akapewa yule binti wa sita akae karibu naye, na siku ya hitima kaka alipofika hapo akanyamaza, akasoma yeye.