Kizibo Kilichokatikia Shingoni: Miaka Mia Tatu ya Kukitoa

Mwaka 1681 daktari Mwingereza Nehemiah Grew alichapisha orodha ya vitu vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Jumuiya ya Kifalme ya London. Alipotaka msomaji apate picha ya kitu kimoja kilichojisokota, alikifananisha na ule mnyoo wa chuma wa kutolea vizibo kwenye chupa. Hakufafanua zaidi, na hilo linaonyesha kwamba kizibuo kilikuwa kimeshazoeleka. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayokitaja.

Wanahistoria wengi wanaamini kwamba kizibuo hicho kilizaliwa na bunduki. Anayelijua gobori anajua kwamba hushindiliwa kwa mdomoni: baruti, kitambaa, kisha risasi, vyote vikisukumwa kwa mdeki. Baruti ikikataa kuwaka, mzigo ule hubaki umekwama ndani, na hautoki kwa kutikiswa. Askari wa Ulaya walikuwa na msokoto wa chuma uliofungwa kwenye ncha ya mdeki, ukazungushwa hadi ukang'ata kitambaa, kisha mzigo wote ukavutwa nje. Kutoka mtutu wa bunduki hadi shingo ya chupa ni hatua fupi. Shabaha ni ileile, yaani kitu laini kilichobanwa ndani ya bomba jembamba mahali ambapo vidole havifiki.

Msokoto ule ulikuwa na kasoro moja, nayo ndiyo iliyowahangaisha mafundi kwa karne mbili zilizofuata: unashika kizibo katikati, ilhali kinachokizuia kutoka kiko pembeni. Kizibo cha mvinyo hukatwa kwenye gome la aina ya mwaloni unaoota Ureno, Hispania na nchi jirani za Mediterania. Cha kawaida leo kina kipenyo cha milimita 24, lakini hubanwa kwa mashine na kuingizwa kwenye shingo yenye upana wa takriban milimita 18 na nusu. Kikishaingia hutaka kurudia umbo lake, kwa hiyo husukuma kioo pande zote bila kupumzika. Miaka inavyopita, sehemu ya chini hulowa mvinyo ikalainika na ya juu hukauka. Ukivuta kwa nguvu katikati, pembeni panabaki pameshikana na kioo, na kizibo hukatika pale penye udhaifu. Dalili yake ni kwamba msokoto unapanda ghafla bila uzito, ukiwa na unga wa gome kwenye ncha.

Aliyeliona tatizo hili vizuri kuliko wenzake alikuwa kasisi, Samuel Henshall, aliyepewa hataza ya kizibuo mwaka 1795, ya kwanza ya aina yake Uingereza. Aliongeza kitu kidogo sana: kisahani cha chuma juu ya msokoto, chini ya mpini. Msokoto ukiisha kuingia wote, kisahani hukandamiza uso wa kizibo. Ukiendelea kuzungusha mpini, msokoto hauwezi tena kwenda chini, hivyo kizibo chenyewe huanza kuzunguka ndani ya shingo na kubanduka kwenye kioo kabla hakijavutwa hata kidogo. Juu ya vizibuo vyake palichorwa maneno ya Kilatini yanayosema kwamba kwa kuzuia ndipo unapoendeleza. Kwa maoni yangu hakuna aliyefanya jambo kubwa zaidi katika historia hii yote. Wengine waliofuata walibuni nyenzo, springi na magurudumu ya kurahisisha kuvuta. Henshall alifikiria kubandua kwanza.

Hata hivyo, kuna vizibo ambavyo kuvizungusha hakusaidii. Mvinyo wa Porto ulio bora, unaotoka bonde la mto Douro kaskazini mwa Ureno, hulazwa kwenye chupa miaka 20, 30, na hata zaidi ya 50. Baada ya muda huo kizibo huwa kama mkate uliolowa, na kikiguswa na msokoto kinamomonyoka. Wapenzi wa mvinyo huo waliamua kukiacha palepale na kuikata chupa. Koleo refu lenye meno ya duara hupashwa moto mpaka likawa jekundu, kisha likaibana shingo chini ya mahali kizibo kinapoishia kwa muda wa karibu dakika moja. Linapoondolewa, pale palipopata moto hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Kioo husinyaa ghafla, kikalia kwa mlio mwembamba, na shingo hukatika kwa mstari mnyoofu ikiwa bado imekumbatia kizibo chake. Makoleo hayo bado yanatumika katika hoteli na nyumba za mvinyo za Ureno.

Upande wa pili wa dunia, mwaka 1879, Lucian Mumford wa San Francisco alipata hataza ya kifaa kisichotoboa kizibo kabisa. Ni mpini wenye bapa mbili nyembamba za chuma, moja ndefu kidogo kuliko mwenzake. Unaanza kuchomeka ile ndefu kati ya kizibo na kioo, kisha ile fupi, ukiziyumbisha huku na huku mpaka zizame, halafu unazungusha huku ukivuta. Kwa kizibo kikavu kinachomomonyoka hakuna kifaa kinachopita hiki. Udhaifu wake ni kwamba kizibo kikiwa kimelegea, bapa hukisukuma ndani.

Kwa vizibo vilivyotumbukia, mafundi wa karne ya 19 walitengeneza nyaya tatu au nne zenye kulabu ndogo miishoni na pete ya kuteleza juu yake. Nyaya huingia zikiwa zimefumba, hufunguka ndani ya chupa, kisha pete hushushwa ili zikumbatie kizibo.

Tuseme umefungua chupa ya mvinyo wa Dodoma na nusu ya kizibo imebaki shingoni. Usirudishe msokoto kwenye tundu lilelile, maana hapo gome limeshaliwa. Ulaze upande, ncha ikielekea ukutani mwa shingo ili ung'ate sehemu nzima. Zungusha taratibu bila kusukuma chini, na ukihisi umeshika, zungusha kizibo kidogo kabla ya kuvuta. Kikikataa, kisukume ndani polepole kwa mpini wa kijiko cha mbao huku chupa imeelekezwa mbali na uso. Hewa iliyo chini yake inabanwa, na kizibo kikiachia ghafla mvinyo huruka. Chupa zenye gesi, kama shampeni, usizisukume hata mara moja.

Ukitaka kuitunza chupa, mimina mvinyo kwanza kupitia kitambaa safi. Kisha ingiza leso nyembamba ndani na kuiacha pembe moja nje, igeuze chupa mpaka kizibo kikae kwenye mkunjo karibu na shingo, na uvute leso kwa nguvu zilizo sawa. Kitambaa hufanya kazi ya zile nyaya: hukikumbatia kizibo na kukibana kipite.

Kisu kiache kando. Kinateleza, kinajeruhi mkono na kinaweza kumega mdomo wa chupa. Vipande vya gome huchujwa na mvinyo ukanyweka, lakini kioo kikishamegeka ndani, umwage wote.