"Nimeuza shamba" na "nimeliuza shamba" si mamoja

Mimi husoma maandishi ya wachangiaji kabla hayajachapishwa, na siku hizi kuna jambo moja linalonifanya nishike kalamu kila ukurasa. Mtu anaandika "Kaunti imeijenga barabara mpya" au "Vijana wameuanzisha mradi wa kufuga samaki", akidhani kwamba kadiri kitenzi kinavyobeba silabi nyingi ndivyo Kiswahili kinavyozidi kuwa sanifu. Mwingine anakwenda upande wa pili, anaandika "Nimeona mamako sokoni". Hilo la pili mtoto wa Mji wa Kale hatalisema hata usingizini. Atasema nimemwona, au nimemuona, lakini ile "m" haimtoki.

Silabi ninayoizungumzia ni ile inayokaa kabla tu ya mzizi wa kitenzi na kumwakilisha mtendwa: ni "li" katika nimeliuza, "zi" katika nimeziuza, "m" katika nimemwona. Shuleni huitwa kiambishi cha mtendwa, na wengine husema yambwa. Nomino yenyewe ikitajwa pamoja nacho, mtendwa anakuwa ametajwa mara mbili, na hapo ndipo sikio huridhika au hukataa.

Tuchukue ndugu wawili, kaka na dada, waliorithi shamba la minazi Msambweni. Dada anaishi Mombasa, kaka ndiye aliye shambani. Siku moja kaka anatuma ujumbe: "Dada, nimeuza nazi." Dada anaelewa kwamba kaka amefanya biashara ya nazi, huenda mia, huenda kumi, wala hazikutajwa zipi. Lakini ujumbe ukisema "Dada, nimeziuza nazi", dada atauliza mara moja, "Kwa bei gani?" Ile "zi" imemwambia kwamba ni zile nazi wanazozijua wote wawili, zile zilizoangushwa juzi na kurundikwa uani. Sasa badili neno moja tu. "Nimeuza shamba" inaweza kutoka kwa dalali aliyemtafutia mteja jirani yake. "Nimeliuza shamba" ni lile lao la urithi, na dada atapanda matatu ya kwanza kwenda Likoni.

Basi kwa vitu visivyo na uhai kanuni ni hiyo. Kiambishi kinasema: kitu hiki wewe na mimi tunakijua, tumeshakitaja au kiko mbele yetu. Mgeni akiingia nyumbani unamwambia mtoto "Lete maji." Ukisema "Yalete maji", pana maji yaliyokwisha kutajwa, labda yale ya kunawa yaliyosahauliwa jikoni. Ndiyo sababu "imeijenga barabara mpya" inagonga vibaya katika habari. Barabara ndiyo kwanza inatajwa, msomaji hana habari nayo, na kiambishi kinamdai aijue. "Kaunti imejenga barabara mpya" inatosha. Katika aya ya tatu, msomaji akishaizoea, unaweza kuandika "Wakazi wanasema barabara hiyo waliingoja kwa muda mrefu", na hapo kiambishi kimepata haki yake.

Ila kanuni hii ina upande mmoja tu ulio mkali. Kiambishi kikiwapo, kitu kinajulikana. Kisipokuwapo, hakuna lililothibitishwa. "Funga mlango" huambiwa mtu aliyesimama mbele ya mlango mmoja tu, na hakuna anayeuliza mlango upi. Kwa hiyo kaka yule hawezi kujitetea mbele ya wazee kwamba "mimi nilisema nimeuza shamba, sikusema nimeliuza".

Mahali pengine unaweza kupima kwa swali. Kwa "nini" kiambishi hakikai: tunasema "Umenunua nini?", na "Umekinunua nini?" haisemeki, kwa sababu huwezi kukiuliza kitu ambacho tayari umekionyesha kuwa unakijua. Kwa "nani" mambo ni tofauti. "Umemwona nani?" ndiyo kauli yetu ya kila siku, ingawa anayeulizwa bado hajulikani. Binadamu ana heshima yake katika kitenzi.

Heshima hiyo nayo ina mpaka. "Natafuta fundi" ni maneno ya mtu ambaye bomba lake limepasuka na fundi yeyote atamfaa. "Namtafuta fundi" ni maneno ya mtu aliyekwisha kutoa arubuni. Vivyo hivyo "anatafuta mke" na "anamtafuta mkewe": wa kwanza apelekewe posa, wa pili asaidiwe kuuliza majirani. Na "sikuona mtu" maana yake pahali palikuwa patupu, ilhali "sikumwona mtu huyo" ina mtu mmoja mahususi. Wanyama wako katikati. Tunasema "tumechinja mbuzi wawili" bila taabu, lakini yule mbuzi aliyefungwa mlangoni wiki nzima na watoto wakampa jina, huyo tumemchinja.

Nomino ikitangulizwa mbele ya kitenzi, mambo hugeuka. "Kitabu nimekisoma", "Samaki nimewala", "Shamba ameliuza". Hapa kutaja mara mbili si kosa hata kidogo, maana ukianza na kitu chenyewe umeshakifanya kuwa jambo linalozungumzwa.

Kuna kosa jingine ambalo hutokea pale kitenzi kinapokuwa na watendwa wawili. Nafasi ya kiambishi ni moja tu, nayo ni ya mtu anayefikiwa na tendo, yule ambaye vitabu vya shule humwita kitondo. "Nimempa Juma kitabu." Huwezi kusema "nimemkipa", wala "nimekipa Juma kitabu". Hata ukikitanguliza kitabu, bado nafasi ni ya Juma: "Kitabu nimempa Juma." Juzi nilirekebisha sentensi iliyosema "Niliiandikia barua chifu". Ilivyo ni kwamba barua ndiyo iliyoandikiwa, chifu amebaki akining'inia. "Nilimwandikia chifu barua" ndiyo sawa.

Misemo nayo haipendi kuguswa. Ukisema msichana fulani amevunja ungo, mama zetu wanajua amebaleghe. Ukisema "ameuvunja ungo", watakuuliza watapepeta mchele kwa nini leo. "Amepiga pasi" ni kauli moja iliyoshikamana, na kiambishi kikija huenda kwa nguo: "Nguo nimezipiga pasi." Ukikipeleka kwa pasi, ukasema "nimeipiga pasi", utadhaniwa umekipiga kile chuma.

Viungo vya mwili vina utamu wake. Mtu wa pwani husema "amenishika mkono", "amenikanyaga mguu", kiambishi kikimwendea mwenye kiungo. "Ameshika mkono wangu" haina kosa la sarufi, lakini inasikika kama tafsiri ya filamu.

Limebaki lile wanaloniuliza sana: "kitabu nilichosoma" au "kitabu nilichokisoma"? Kwa watu hakuna mjadala, ni "watu niliowaona". Kwa vitu, zote mbili zimo katika maandishi ya watu wanaokijua Kiswahili vizuri, na sitamsahihisha mtu kwa hilo. Mimi hupenda fupi, kwa kuwa "cho" imeshakirejelea kitabu mara moja. Lakini mtendaji akija baada ya kitenzi, kama katika "kitabu alichokisoma Juma", ile "ki" ya pili naiacha. Sentensi ikisomwa kwa sauti, inampa msikilizaji nafasi ya kujua nani kasoma na nini kimesomwa kabla Juma hajafika.