Raba Zimelala Dukani Litein? Hivi Ndivyo Unazitoa Kabla ya Bonasi Bila Kuchoma Jina

Kama una duka huku kwa majani chai, unajua Oktoba ni Oktoba. Bonasi ya KTDA ikiingia, kuanzia Litein hadi Silibwet wasee wanatoka na doh, na wanataka vitu vipya. Sasa shida ni hii: kama chapaa yako imelala kwa rafu ndani ya mzigo hautoki, utanunua stoki mpya na nini?

Tuchukue mfano wa duka la viatu Litein. Machi ulinunua pea 30 za raba nyeupe kwa 600 kila moja, ukaweka bei ya thao moja. Ulisahau kitu kimoja, mvua ya Kericho na ile matope nyekundu. Kufikia mwisho wa Julai umeuza pea 6 tu. Hiyo ni pea moja na nusu kwa mwezi, kwa hivyo zile 24 zilizobaki zitamaliza miezi 16. Umefungia 14,400 hapo, pesa inayoweza kununua gambuti 26 za 550, na gambuti huku haziwezi lala.

Usikimbilie kuandika "BEI YA KUTUPA" kwa mlango. Watu watauliza, "Kwani mnafunga?" Enda polepole, hatua tatu.

1. Anza na kifurushi

Funga kinacholala na kinachotembea. Gambuti unauza 800, raba 1,000, jumla 1,800. Viuze pamoja kwa 1,650 na uipe jina, kama "Shamba na Jumapili": gambuti za kuchuna chai, raba za kanisa. Umenunua vyote kwa 1,150, so unabaki na faida ya 500, na bei ya raba kwa rafu bado ni thao. Hapo jina la duka halijaguswa.

Usifunge vitu viwili vilivyolala, hakuna atakayenunua. Na usimlazimishe mtu: anayetaka gambuti pekee apewe kwa 800 yake. Peleka hivi wiki tatu za kwanza za Agosti. Tuseme pea 12 zimetoka.

2. Shusha bei mara moja, kwa sababu

Zimebaki 12, na saizi zimeanza kuruka. Weka zote kona moja, andika "Saizi za mwisho" na utaje saizi zenyewe. Hiyo sababu ndiyo inalinda jina lako, kwa maana kastoma anaona raba zinaisha, haoni duka limekwama.

Toa soo mbili mara moja, ziwe 800. Ukitoa finje leo na finje wiki ijayo, hakuna atakayeshtuka, na wajanja watangoja ushuke tena. Pia usipandishe bei kwanza ndio uikate. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudanganya mtu kwamba amepata nafuu ambayo haipo. Na kama kuna aliyenunua kwa thao juzi akalalamika, mpe soksi na umshukuru. Tuseme pea 7 zimeenda.

3. Ofa ya siku tatu, halafu basi

Zile 5 za mwisho, ziweke 500 kwa siku tatu, siku ya soko ikiwa ndani. Tangaza kwa Status ya WhatsApp, taja saizi na saa ya kufunga. Ndiyo, unapoteza soo kwa kila pea. Lakini hiyo 500 ukiongeza finje unapata gambuti inayokuletea faida ya 250.

Saa ikifika, toa kibandiko. Ukiongeza siku, ofa yako ya next haitaaminika. Zikibaki, zitoe kwa rafu kabisa na umuuzie mchuuzi wa mji mwingine, kama Sotik.

Hesabu ya mwisho

Kwa kifurushi, raba ilichangia 850 mara 12, yaani 10,200. Kona ya saizi ilileta 5,600, na siku tatu 2,500. Jumla 18,300, ukiwa umetumia 14,400. Kungoja bei kamili kungekupa 24,000, lakini hiyo ni baada ya miezi 16. Sasa uko na pesa mkononi Septemba, na rafu iko wazi.

Angalia tu kitu kimoja wakati wa kifurushi: hesabu gambuti zinazouzwa kwa wiki. Kama ni zilezile za kawaida na raba hazisongi, watu wanachukua gambuti peke yake. Usikate kifurushi zaidi, ruka uende hatua ya pili.

Na bonasi ikiingia, usiweke ofa yoyote. Hiyo wiki watu wako na doh, wauzie mzigo mpya kwa bei yake.