Ukolezi wa asidi ya betri: kiasi kimoja, vipimo vinne

Ukimpelekea fundi wa betri pale Kondele mtungi wa asidi, hatakuuliza ina moli ngapi. Atavuta kidogo kwa haidromita, asubiri boya litulie, kisha asome: 1.28. Kwake hiyo inatosha, asidi inafaa kujaza betri mpya. Mwanafunzi wa kemia akiikuta asidi hiyo hiyo kwenye karatasi ya mtihani huambiwa ina moli 4.83 kwa lita. Kiwandani wataandika asilimia 37. Asidi ni ile ile. Kinachobadilika ni kile unachoilinganisha nacho.

Tuanze na neno lenyewe. Watu husema "asidi kali", lakini ukali na ukolezi ni mambo mawili. Ukali ni tabia ya asidi: asidi ya salfuriki ni kali hata ukiichanganya na maji mengi, na asidi ya siki ni dhaifu hata ikiwa nzito kiasi gani. Ukolezi ni kiasi cha asidi kilichomo ndani ya myeyusho. Kiasi hicho husemwa kwa njia nne.

Asilimia ya masi ni gramu za asidi katika gramu 100 za myeyusho wote. Molaliti ni moli za asidi kwa kila kilo ya kiyeyushi, yaani maji peke yake. Sehemu-moli ni moli za asidi zikigawanywa kwa moli zote, za asidi na za maji pamoja. Molariti ni moli za asidi kwa kila lita ya myeyusho wote. Majina mawili kati ya hayo yametenganishwa na herufi moja, r na l, na wengi wetu hatuzitofautishi kwa ulimi. Ndiyo maana napendelea kuyasema kwa urefu: "moli kwa lita" na "moli kwa kilo ya maji". Ukisema hivyo, nusu ya makosa ya hesabu yameshaondoka, kwa sababu jina lenyewe linakukumbusha unagawanya kwa nini.

Tazama tena orodha hiyo. Tatu za kwanza hazihitaji chochote ila mizani, maana gramu na moli zote ni mambo ya masi. Ya nne pekee ndiyo inayotaja lita, na ni hapo tu densiti inapohitajika, kwa kuwa ndiyo inayotuvusha kutoka gramu hadi mililita. Mwanafunzi anayeitumia densiti kutafuta molaliti kutokana na asilimia amejipa kazi ya bure.

Sasa tuufanyie hesabu ule mtungi. Densiti yake ni gramu 1.28 kwa mililita, na asidi yenye densiti hiyo ina takriban asilimia 37 ya H₂SO₄. Njia nyepesi ni kuwaza kilo moja ya myeyusho. Ndani yake mna gramu 370 za asidi na gramu 630 za maji. Moli moja ya asidi hii ina gramu 98.08, kwa hiyo 370 ÷ 98.08 inatupa moli 3.77. Moli moja ya maji ni gramu 18.02, basi maji ni moli 34.96.

Yaliyobaki ni kugawanya. Molaliti: 3.772 ÷ 0.630, takriban moli 5.99 kwa kilo ya maji. Sehemu-moli: 3.77 ÷ (3.77 + 34.96), yaani 0.097. Hapa tunahesabu molekuli za asidi kama tulivyozipima kwenye mizani, bila kujali jinsi zinavyogawanyika kuwa ioni ndani ya maji. Kwa molariti tunauliza kwanza kilo ile inachukua nafasi gani: 1000 ÷ 1.28 ni mililita 781. Kisha 3.77 ÷ 0.781 inatoa moli 4.83 kwa lita.

Ukipewa molariti na ukatakiwa kurudi kwenye molaliti, anza na lita moja. Ina uzito wa gramu 1280. Toa asidi, 4.83 × 98.08, yaani gramu 474, na maji yanabaki gramu 806. Gawanya 4.83 kwa 0.806, na 5.99 inarudi. Kosa linalojirudia hapa ni kusahau kutoa asidi, au kudhani lita moja ya myeyusho ina lita moja ya maji. Haina.

Jambo hilo huonekana vizuri mtu anapotengeneza asidi ya betri kutoka asidi iliyokolea ya asilimia 98, yenye densiti 1.84. Tuseme anataka lita 10 za densiti 1.28. Hizo ni kilo 12.8, na asidi halisi ndani yake ni asilimia 37, yaani kilo 4.74. Akichukua asidi ya asilimia 98 atahitaji kilo 4.83, sawa na lita 2.63. Maji yatakuwa kilo 7.97, karibu lita 7.97. Jumlisha: 2.63 na 7.97 ni lita 10.6, lakini kwenye mtungi atapata 10. Molekuli za asidi na maji hushikana na kukaribiana, na mchanganyiko husinyaa. Masi hujumlishwa, ujazo haujumlishwi. Anayepima kwa lita peke yake, ajaze maji 7.37 ili jumla iwe 10, atapata asidi iliyozidi ukolezi.

Kushikana huko hutoa joto jingi, ndiyo maana asidi humiminwa polepole ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Joto hilo pia hudanganya haidromita. Densiti ya asidi ya betri hushuka kwa takriban 0.007 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Mchanganyiko uliofika nyuzi 45 utasomeka kama 1.266 badala ya 1.28 ya nyuzi 25. Asiyengoja upoe ataongeza asidi, na ukishapoa utapita 1.29. Molariti nayo hushuka pamoja na densiti, kwa kuwa lita imetanuka. Molaliti, asilimia na sehemu-moli hazigutuki, maana hakuna gramu iliyoondoka.

Kwenye asidi iliyokolea kabisa, vipimo hivi vinne huachana mbali. Kwa asilimia 94, molariti ni takriban 17.6 na molaliti 160. Kwa asilimia 98, molariti imepanda kidogo tu hadi 18.4, lakini molaliti imeruka hadi 500, kwa sababu katika kilo nzima yamebaki maji gramu 20 tu ya kugawanyia. Sehemu-moli ni 0.90. Kwenye asilimia 100 molaliti haina maana tena: hakuna kiyeyushi.

Huko juu haidromita ya fundi nayo hufika mwisho wake. Densiti ya asidi ya salfuriki hupanda hadi karibu na asilimia 97 au 98, kisha hugeuka na kushuka. Asidi ya asilimia 94 na ile ya asilimia 100 zote husomeka takriban 1.83 kwa nyuzi 20. Kwa asidi ya betri, densiti inatosha kukupa asilimia, na asilimia inakupa mengine yote. Kwa asidi iliyokolea, ile asilimia ya mwanzo lazima itoke kwenye lebo ya kiwanda au kwenye titresheni, ndipo hesabu ianze.