Bawaba Tatu za Kazinczy
Mwaka 1914 mhandisi Gábor Kazinczy wa Hungaria alichapisha matokeo ya majaribio ya boriti za chuma zilizokazwa ncha zote mbili. Aligundua kwamba ncha zikishalegea na kugeuka bawaba, boriti haiporomoki mpaka bawaba ya tatu itokee.

Tuseme mzigo w umesambaa sawasawa juu ya urefu L, na uwezo wa mwisho wa kupinda ni Mp. Bawaba za ncha hutokea w ikifika 12Mp/L². Zikizunguka kwa pembe θ, ya katikati huzunguka 2θ. Kazi ya bawaba, 4Mpθ, hulingana na ya mzigo, wL²θ/4. Hivyo w = 16Mp/L², theluthi moja zaidi. Lakini bawaba ikikisiwa mahali pasipo pake, jibu huzidi mzigo halisi, na momenti huvuka Mp kwingineko.